Gego la mwisho la chini: lini uagize skani ya 3D na lini panorama inatosha

Wenzangu wa kliniki, naona siku hizi kila gego la mwisho lililolala linatumwa skani ya 3D, yaani CBCT, na mgonjwa analipa hela na mionzi bure. Mimi nafanya hivi.

Hatua ya 1. Anza na panorama na uisome vizuri kabla hujaandika fomu yoyote. Fuata ile mistari miwili myeupe ya mfereji wa neva ya taya ya chini mpaka inapofika kwenye mizizi. Mistari ikipita chini ya mizizi na mfupa unaonekana katikati, ishia hapo, panga kung'oa. Kinachotia wasiwasi ni mzizi kuwa mweusi pale mfereji unapoukatiza, mstari mweupe kupotea, au mfereji kupinda ghafla au kubanwa. Mizizi kupandana tu na mfereji haitoshi, maana panorama inalaza vitu vyote kwenye bapa moja, haikwambii kipi kiko upande wa ulimi na kipi upande wa shavu.

Hatua ya 2. Jiulize, nikijua mfereji uko upande gani nitabadilisha nini? Kama jino halina usaha wala halijaoza na mgonjwa hasumbuliwi, hung'oi, sasa skani ya nini?

Hatua ya 3. Ukiagiza, omba eneo dogo, kama sentimita 5 kwa 5, upande huo mmoja. Panorama ni takriban maikrosiveti 10 hadi 25, skani ndogo inaweza kupita mara kadhaa ya hapo kutegemea mashine, na ukipiga taya zote mbili inapanda zaidi, halafu unawajibika kusoma kila kilichoingia kwenye picha.

Chukua mfano wa dada wa miaka 27, jino namba 48 limelala kuelekea mbele, ufizi unavimba kila mara. Panorama inaonyesha weusi kwenye mizizi na mstari wa juu umekatika. Hapa skani ni halali kabisa. Kwenye vipande vya kukata taya kwa upana, mfereji unaonekana upande wa ulimi, umekuwa bapa, na hakuna mfupa kati yake na mzizi. Basi badala ya kung'oa lote unamweleza habari ya kukata kichwa cha jino na kuacha mizizi, milimita 3 hivi chini ya ukingo wa mfupa, mradi mizizi haina usaha na haitikisiki. Mwambie pia skani yenyewe haizuii mdomo kufa ganzi, inakusaidia kuchagua njia tu.

Picha ya skani ikitoka na kingo za meno na mfupa zimejirudia mara mbili ujue mgonjwa alitikisika, usikisie mfereji humo. Na ukimfuatilia baadaye kuona kama mizizi imepanda, panorama inatosha, usirudie 3D labda awe na maumivu mapya au usaha.