Jinsi ya kuomba menejimenti iidhinishe mpango wa afya kazini: mfano wa kiwanda cha mbao Mafinga

Maombi mengi ya mpango wa afya kazini hukwama kwa mhasibu kabla hayajafika kwa meneja mkuu. Yanaomba kila kitu: mazoezi, vipimo vya presha, uji wa saa nne, semina ya msongo wa mawazo. Mwongozo huu unaomba kitu kimoja tu. Tuchukue mfano wa kubuni wa kiwanda cha mbao Mafinga chenye wafanyakazi 80, ambao 24 kati yao ni wapakiaji, wale wanaobeba mbao za misonobari kutoka kwenye mashine hadi kwenye Fuso. Tatizo lao ni mgongo.

Kwanza, tenganisha haki na ombi

Barakoa za vumbi, vizibo vya masikio na glavu usiziweke kwenye ombi hili. Vilevile upimaji wa afya wa wafanyakazi unaosimamiwa na OSHA. Hayo ni wajibu wa mwajiri chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Ukiyachanganya na mpango wa hiari, siku mpango ukikataliwa itaonekana kana kwamba na barakoa nazo zimekataliwa. Kama hayo hayatekelezwi, andika barua nyingine kupitia mwakilishi wa usalama na afya.

Pili, tafuta takwimu kwenye rejista ya ruhusa za ugonjwa

Mwombe ofisa utumishi akupe siku za ugonjwa za wapakiaji kwa miaka miwili, bila majina. Mueleze kabisa kwamba huhitaji majina, kwa sababu taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Unachohitaji ni namba ya mtu, mwezi, idadi ya siku, na sababu kwa ujumla: mgongo na mabega, kifua, malaria, ajali, mengineyo.

Katika mfano wetu, rejista ya mwaka uliopita inaonyesha siku 192 za mgongo na mabega. Usikimbilie kuiandika hiyo 192. Pitia mtu mmoja mmoja. Tuseme siku 42 ni za mpakiaji mmoja aliyeanguka na bodaboda akitoka nyumbani. Mtoe, na useme kwenye ombi kwamba umemtoa. Zinabaki 150. Halafu tazama mwaka wa nyuma yake. Kama ulikuwa na siku 140 hivi, hali ni ya kudumu. Kama ulikuwa na 60, mwaka uliopita ulikuwa mbaya kuliko kawaida, na siku huenda zikapungua zenyewe hata bila mpango wako.

Tatu, piga hesabu ya gharama kama mhasibu

Hapa ndipo ombi hufa. Mpakiaji akiumwa, kiwanda huita kibarua kwa shilingi 15,000 kwa siku. Wengi hujumlisha hiyo na mshahara wa mgonjwa. Hiyo ni kuhesabu mara mbili, maana mshahara ungelipwa hata kama angekuja kazini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za ruhusa ya ugonjwa katika kipindi cha miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na zinazobaki kwa nusu mshahara. Kinachoongezeka kwa kiwanda ni kibarua. Kwa hiyo siku 150 mara 15,000 ni shilingi 2,250,000 kwa mwaka.

Upande wa matumizi, pata ankara kifani kutoka kwa mafundi wawili angalau. Katika mfano wetu, toroli tatu za kusukumia mbao ni 350,000 kila moja, jumla 1,050,000. Mtaalamu wa fiziotherapia atakuja mara tatu kwa 120,000, jumla 360,000. Fomu na uchapishaji ni 40,000, na dharura ya asilimia kumi ni 145,000. Jumla kuu ni 1,595,000.

Toroli zimebeba sehemu kubwa ya bajeti kwa makusudi. Kumfundisha mtu namna ya kuinua mzigo, peke yake, hakujaonyesha kupunguza maumivu ya mgongo kwa uhakika. Mbao mbichi iliyonyeshewa ni nzito hata ukiinama vizuri namna gani. Kinachosaidia zaidi ni kupunguza mara ambazo mtu anabeba, na mtaalamu anafuata kutazama urefu wa benchi na mpangilio wa uwanja.

Na mazoezi ya asubuhi? Dakika kumi kwa wafanyakazi wote 80 ni zaidi ya saa 13 za kazi kila siku, na mhasibu ataziona. Kwa mshahara wa 10,000 kwa siku ya saa saba na nusu, ni zaidi ya shilingi milioni tano kwa mwaka. Hiyo inazidi mara mbili gharama ya tatizo lenyewe. Waweke wapakiaji peke yao, na uwaweke wakati ule ambao Fuso ya kwanza haijafika na watu wamesimama wakiota moto. Muda huo tayari unalipwa. Kubaliana na msimamizi wa zamu kabla hujaandika.

Nne, ahidi kidogo

Usiandike kwamba siku zitapungua kwa nusu. Andika theluthi: siku 50, yaani 750,000 kwa mwaka, na fedha zitarudi baada ya miaka miwili na kidogo. Inaonekana ndogo, lakini meneja atakayeuliza maswali ataikuta inasimama.

Tano, eleza utakavyopima

Pima vitu vitatu. Cha kwanza ni siku za mgongo kwa kila siku 100 za kazi, si idadi tupu, kwa kuwa wapakiaji huongezeka na kupungua kwa msimu. Linganisha Julai hadi Desemba na Julai hadi Desemba ya mwaka uliotangulia. Usilinganishe masika na kiangazi, mbao zake si sawa. Cha pili ni swali moja kila mwisho wa mwezi, karatasi bila jina: maumivu ya mgongo wiki hii, kutoka 0 hadi 10? Cha tatu ni muda wa kupakia Fuso moja, ambao mlinzi wa geti anaweza kuuandika.

Swali la maumivu lipo kwa sababu maalumu. Siku za ugonjwa zikishuka lakini maumivu yakabaki palepale, huenda watu wanaogopa kuomba ruhusa. Hayo si mafanikio, na ripoti yako iseme hivyo.

Sita, andika na uwasilishe

Barua isizidi kurasa mbili, viambatisho nyuma. Kichwa chake kiwe hivi:

*Meneja Mkuu,*
*Kupitia kwa: Meneja Uzalishaji.*
*YAH: MAOMBI YA SHILINGI 1,595,000 KWA AJILI YA KUPUNGUZA MAUMIVU YA MGONGO KWA WAPAKIAJI, MAJARIBIO YA MIEZI SITA*

Kiasi kiwe kwenye kichwa, asikitafute. Aya ya kwanza itaje siku 150 na shilingi 2,250,000, ya pili itaje unachoomba, ya tatu vipimo na tarehe ya ripoti. Sema wazi kwamba vipindi vya mtaalamu ni vya hiari, na atakayekataa hataandikwa popote. Ambatisha jedwali la siku, ankara kifani na sahihi ya mwakilishi wa wafanyakazi.

Peleka nakala mbili masjala, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Ipeleke bajeti inapoanza kuandaliwa, kwa sababu ikishapitishwa utaambiwa fungu halipo. Wiki mbili zikipita kimya, omba dakika kumi na Meneja Uzalishaji. Akisema fedha ni nyingi, punguza toroli hadi moja kwenye mstari wenye siku nyingi za ugonjwa, na upime mstari huo peke yake. Usipunguze vipimo.