Jinsi ya kupata haki ya kuchapa emoji kwenye bango au kifungashio

Watu wengi huchukulia emoji kama herufi: ukiiandika kwenye simu, ni yako. Nusu ya fikra hiyo ni sahihi. Muungano wa Unicode, unaoweka viwango vya herufi za kompyuta, umeipa kila emoji namba na jina, na namba hiyo haina mwenyewe. Uso unaocheka hadi machozi kutoka, kwa mfano, ni U+1F602, na yeyote anaweza kuutumia. Lakini kampuni kubwa kama Apple, Samsung na Google kila moja imeuchora uso huo kwa mkono wake. Mchoro wa Apple ni wa Apple, wa Samsung ni wa Samsung, na kila mmoja una hakimiliki yake. Unachochapa kwenye sanduku ni mchoro wa mtu, si namba.

Tuchukue kazi moja tuifuate mpaka kiwandani. Mteja anataka sanduku la biskuti lenye uso huo wa machozi ya kicheko, upana wa sentimita 5, upande wa mbele. Mbunifu ameuandika kwa kibodi ya kompyuta yake na kutuma PDF.

Hatua ya kwanza: jua mchoro ni wa nani

Usimuulize mbunifu tu, maana mara nyingi hata yeye hajui. Kompyuta ndiyo iliyomchagulia fonti. Fungua orodha ya fonti ndani ya PDF. Katika Adobe Acrobat iko kwenye sifa za faili, na kwenye kompyuta yenye Poppler, zana za kusoma PDF, unaandika:

```
pdffonts sanduku.pdf
```

Ukiona jina AppleColorEmoji, umeshapata jibu. Ikiwa mbunifu ameigeuza emoji kuwa picha, jina halitaonekana. Hapo itabidi ulinganishe kwa macho na michoro ya kila kampuni, kama inavyopangwa kwenye Emojipedia. Tovuti hiyo inaonyesha michoro tu. Kuipakua kutoka hapo hakukupi haki yoyote.

Dalili nyingine ni ukungu. Michoro ndani ya fonti ya Apple ni picha za pikseli, na kubwa kuliko zote ina pikseli 160 kwa 160. Ukiinyoosha hadi sentimita 5 unabaki na takribani pikseli 81 kwa kila inchi, ilhali kazi nzuri ya uchapaji huhitaji kama 300. Kwa hiyo kingo za uso zikionekana kama ngazi kwenye sampuli, simamisha kazi: huenda tatizo la ubora na tatizo la haki vimetoka mlango mmoja.

Hatua ya pili: soma leseni ya mchoro huo

Leseni ya mfumo wa macOS inakuruhusu kutumia fonti zake kuonyesha na kuchapa maudhui ukiwa unatumia mfumo huo. Wapo wanaoishika sentensi hiyo kama ruhusa ya kila kitu. Mimi siwezi kumshauri mteja aweke maelfu ya masanduku juu yake, kwa sababu haisemi popote kwamba unaweza kuuza bidhaa iliyobeba mchoro wao. Kuhusu Memoji, zile nyuso za katuni ambazo mtumiaji hujitengenezea, leseni hiyo iko wazi zaidi: ni kwa matumizi binafsi yasiyo ya kibiashara.

Hapa zimebaki njia mbili: kuomba ruhusa au kubadilisha mchoro.

Ukichagua kuomba, andika kwa kitengo cha sheria au cha haki za chapa cha kampuni husika, kupitia ukurasa wake rasmi wa masuala ya kisheria. Barua isiyo na maelezo kamili haina anayeweza kuijibu. Taja namba ya emoji, mfumo na toleo ambalo mchoro umetoka, bidhaa yenyewe, ukubwa wa mchoro na mahali utakapokaa, idadi ya nakala, nchi zitakakouzwa na muda wa kuuza, kisha ambatisha picha ya sanduku lilivyopangwa. Eleza pia kama mchoro utaguswa, hata kama ni rangi tu. Majibu yawe kwa maandishi, na ukimya usiuhesabu kuwa ndiyo, hata upite mwezi mzima. Kiwanda kisianze kabla jibu halijafika.

Kubadilisha mchoro ni haraka zaidi, na kwa sanduku letu ndiyo njia ninayoichagua. Google imeachia michoro yake ya Noto Emoji, lakini iangalie kwa makini, kwani ina leseni mbili tofauti. Fonti zenyewe ziko chini ya SIL Open Font License 1.1. Leseni hiyo inakataza kuiuza fonti peke yake, ila haifungi hati iliyotengenezwa kwa fonti hiyo, na bango ni hati. Faili nyingi za picha, zikiwemo za SVG, ziko chini ya Apache License 2.0, yenye masharti yake ya kutaja leseni na kuonyesha mabadiliko.

Ukiandika emoji ndogo katikati ya maneno, tumia fonti. Kwa uso wa sentimita 5 chukua faili ya SVG, `emoji_u1f602.svg`, kwa sababu mistari yake haivunjiki hata ukiikuza kufikia ukubwa wa ukuta. Kwa chapa ya rangi moja ipo fonti ya Noto Emoji isiyo na rangi, iliyochorwa kwa mistari mitupu. Mwaka 2022 Microsoft nayo iliachia michoro yake ya Fluent chini ya leseni ya MIT, kama mtindo wa Noto haukupendezi.

Kwenye sanduku letu mbunifu alibadilisha njano iwe machungwa ili ilingane na rangi za mteja. Apache inataka faili iliyobadilishwa ionyeshe kwamba imebadilishwa, kwa hiyo nyuma ya sanduku, kwa herufi ndogo, tunaandika: "Mchoro wa uso: Noto Emoji, Google, Apache License 2.0, rangi zimebadilishwa." Mstari huo ukae nyuma. Ukiuweka mbele, mnunuzi anaweza kudhani Google imeipa biskuti baraka zake, na kifungu cha 6 cha leseni hiyo hakitoi haki ya kutumia majina na alama za mwenye kazi, isipokuwa kueleza kazi ilikotoka.

Hatua ya tatu: alama ya biashara

Hapa ndipo watu wazuri huteleza, kwa sababu wakishamaliza hakimiliki hudhani kazi imeisha. Kampuni ya Kijerumani, emoji company GmbH, imesajili neno lenyewe "emoji" kuwa alama ya biashara kwa aina nyingi za bidhaa, na imeshawashtaki wauzaji wengi Marekani. Mteja wetu alitaka kuziita biskuti zake "Biskuti za Emoji". Jina hilo tuliliondoa likawa "Biskuti za Kicheko". Kama jina la bidhaa lazima liwe na neno hilo, tafuta kwanza katika rejesta ya alama za biashara ya kila nchi utakayouza, katika daraja, yaani kundi la usajili, la bidhaa yako. Vyakula kama biskuti viko daraja la 30.

Usisajili uso wa Noto kuwa nembo yako, kwani mtu yeyote mwingine ana haki ya kuutumia vilevile. Kagua pia maandishi yote kwa U+F8FF: kwenye vifaa vya Apple herufi hiyo huonekana kama tufaha lao, na tufaha hilo ni alama yao ya biashara, si emoji.

Kabla ya kutuma kiwandani, rudia `pdffonts` kwenye faili ya mwisho, maana mbunifu akifungua kazi tena kwenye kompyuta yake fonti ya zamani inaweza kurudi. Kisha weka kwenye folda moja SVG ya awali, nakala ya leseni kama ilivyosomeka siku uliyopakua, na tarehe hiyo.