SOMO: Kupanga hoja unapotaka kushawishi kikao, na hoja dhaifu uiweke wapi

Wakuu, habari za jioni. Wiki hii peke yake watu wanne wamenifuata inboksi na swali lile lile: "Nina hoja tano, nianze na ipi?" Naandika hapa mara moja ili kesho nikiulizwa nielekeze huku. Nazungumzia kikao cha watu wazima wenye haki ya kuuliza na kupiga kura: mkutano wa wazazi, saccos, kikao cha ukoo. Mfano wangu ni mmoja, mkutano wa wazazi nilipokuwa katibu wa kamati ya shule, tukiomba wazazi wachangie chakula cha mchana.

Hatua ya 1. Andika kila hoja kwenye kikaratasi chake, sentensi moja tu.

Vyetu vilikuwa vitano. Kwanza, watoto wakienda nyumbani saa sita hawarudi: kwa wiki mbili nilizohesabu kwenye daftari la mahudhurio, darasa la sita asubuhi walikuwa 61 kwa wastani, mchana 38. Pili, gharama: mzazi anampa mtoto shilingi 300 ya andazi na juisi, siku 20 za masomo ni 6,000, wakati makande pamoja na ujira wa mpishi yalikuwa 4,500 kwa mwezi. Tatu, mchango ni wa hiari na hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani. Nne, jiko lipo na akina mama wawili wako tayari kupika. Tano, shule ya kijiji cha pili wanapika na ufaulu wao umepanda.

Hatua ya 2. Kwa kila kikaratasi, jiulize mpinzani wako mkali atajibu nini, kisha andika jibu lake nyuma.

Hatua ya 3. Tenga hoja nyepesi na hoja mbovu. Nyepesi ni ile ambayo peke yake haimsogezi mtu, lakini hata ikipingwa hakuna kinachoharibika. "Jiko lipo" ni nyepesi. Mbovu ni ile ambayo ikiangushwa inaondoka na nyingine, kwa sababu watu wataanza kushuku na zile nzuri. Cicero, msemaji maarufu wa Roma ya kale, aliligusa hili zaidi ya miaka 2,000 iliyopita: hoja za kawaida zichanganywe katikati, mbovu zisipewe nafasi popote. Kwa hiyo mbovu haina mahali pake. Inatolewa, au inapunguzwa kama nitakavyoeleza hatua ya 5.

Hatua ya 4. Nzito mbele, nzito nyuma, nyepesi katikati na zikiwa zimeshikana.

Mpango huu watu wa kale waliuita wa Homer, mshairi wa Ugiriki ya kale. Katika utenzi wake wa vita vya Troya, mzee Nestor anapanga jeshi: magari ya farasi mbele, askari wa miguu hodari nyuma, na wale waoga anawabana katikati ili wapigane hata wasipotaka. Kwenye hoja ni vivyo hivyo. Anayebanwa katikati anabebwa na wenzake. Quintilian, mwalimu wa ufasaha wa Roma, aliongeza kwamba hoja nzito zisimamishwe mojamoja, lakini nyepesi zirundikwe pamoja, maana zisipopiga kama radi zitapiga kama mvua ya mawe. Hivyo "jiko lipo, wapishi wapo, maji yako hatua chache" ni sentensi moja. Usizipe aya tatu.

Hapa ndipo mimi niliharibu, naomba msome polepole. Mkutano wa kwanza nilipanga kama zilivyonijia kichwani, na ile ya shule ya kijiji cha pili nikaiacha mwisho. Niliipenda. Niliona itawatia watu wivu wa maendeleo. Nilipokaa tu, mzee mmoja akasimama akauliza: "Katibu, ufaulu wao umepanda kwa sababu ya makande, au kwa sababu waliletewa walimu watatu wapya?" Sikuwa na jibu. Mwingine akadakia kwamba shule ile ina shamba la ekari nne na sisi hatuna. Tukazungumzia kijiji cha pili kwa dakika arobaini. Daftari la mahudhurio nilikuwa nalo mkononi na hakuna aliyeuliza habari zake. Kura ikaahirishwa, na watoto wakamaliza muhula mzima wakirudi nyumbani saa sita.

Hoja ya mwisho kwenye kikao ndiyo inayobaki sikioni mwenyekiti anapouliza "nani ana swali?" Muulizaji wa kwanza ataishika hiyo, na wanaofuata watamfuata yeye. Kwa hiyo chagua ya mwisho kwa kujiuliza: hii ndiyo ninayotaka wabishane juu yake nusu saa? Kama jibu ni hapana, isikae mwisho. Na jihadharini na mambo mawili. Usimalizie na "halafu jambo jingine dogo", kwa sababu hilo dogo sasa ndilo la mwisho. Na ukiulizwa swali juu ya hoja nyepesi, jibu kwa sentensi moja kisha rudi kwenye hoja nzito. Ukiitetea kwa nguvu unaipandisha cheo.

Hatua ya 5. Punguza mzigo wa hoja dhaifu. Mara nyingi hoja si mbovu yenyewe, tumeibebesha isichoweza. "Wanapika na ufaulu umepanda" haikusimama. Ila "wanapika, kwa hiyo kupikia watoto wengi kwa wakati mmoja kunawezekana" inasimama vizuri, na mahali pake ni katikati pamoja na jiko na wapishi.

Mkutano wa pili ulikwenda hivi. Sentensi ya kwanza kabisa niliondoa hofu: mchango ni wa hiari, hakuna mtoto atakayerudishwa. Tangu elimu bila malipo ianze 2016, mzazi akisikia neno mchango masikio yanafunga, na aliyefunga masikio hata hoja nzito haimfikii. Kisha daftari: 61 asubuhi, 38 mchana. Nikanyamaza kidogo. Kisha yale mepesi kwa pumzi moja: jiko, wapishi, wenzetu wanaweza. Mwisho nikaandika ubaoni 6,000, chini yake 4,500, nikasema tunachoomba, nikakaa. Swali la kwanza lilikuwa: "Hiyo 4,500 ina chumvi na mafuta ndani?" Mtu anayeuliza habari za mafuta ameshaingia jikoni. Ilipita siku ile ile.

Hatua ya 6. Ukipunguziwa muda, kata katikati. Mwanzo na mwisho visiguswe.

Maswali yaje.

---

Mtu_wa_Pwani: Mkuu ndefu sana hii. Kwa kifupi hoja dhaifu inakaa wapi?

Mleta mada: Hatua ya 4, mstari wa kwanza.

Kidedea: Umepotosha. Sisi tulifundishwa kupanda ngazi, unaanza na ndogo unamalizia na kubwa kuliko zote. Hiyo ndiyo kanuni.

Mleta mada: Sijapotosha. Huyo Quintilian niliyemtaja anasema mpangilio unategemea kesi yenyewe, na anachokataza ni kushuka kutoka nzito kwenda nyepesi. Kupanda ngazi kunafaa pale msikilizaji analazimika kukusikiliza hadi mwisho, kama hakimu. Mzazi aliyekaa chini ya mwembe halazimiki. Ukianza na hoja nyepesi ataanza kuongea na jirani yake, na nzito itamkuta hayupo. Soma mada yote ndiyo uhukumu.

MamaNyambura_Nakuru: Asante kwa somo, ndugu. Kwa chama chetu nina hoja mbili tu za kutaka tununue viti vya kukodisha. Moja ni nzito, vitarudisha pesa. Nyingine ni kwamba tutaacha kuazima tukiwa na sherehe. Katikati sina. Nifanyeje?

Mleta mada: Dada, swali zuri. Ukiwa na mbili hakuna pa kuificha nyepesi, kwa hiyo una njia mbili. Ya kwanza, anza na ya kuazima kwa sentensi moja kama mlango wa kuingilia: "Mwezi uliopita tuliazima tena viti kwa jirani." Hapo hujatoa hoja bado, umewakumbusha jambo wanalolijua. Kisha ingia kwenye pesa na umalizie hapo. Ya pili, iache kabisa uisimamishe ile ya pesa vipande viwili: mwanzoni gharama ya kununua, mwishoni mtakodisha mara ngapi hadi irudi. Mimi ningechukua ya kwanza. Andaa hesabu ya mara ngapi kabla hujaenda, maana ndiyo watakayoishika.

Kijana wa Mdahalo: Mwalimu, mimi niko kidato cha tano. Kwenye mdahalo kuna mpinzani. Ni bora kuzungumza wa kwanza au wa mwisho?

Mleta mada: Hili limewahi kupimwa, kijana. Mwaka 1959 Miller na Campbell, Wamarekani, waliwapa watu maelezo ya kesi ya fidia, upande mmoja kisha mwingine. Pande mbili zilipofuatana papo hapo na uamuzi ukatolewa wiki moja baadaye, aliyetangulia alinufaika. Ilipopita wiki kati ya upande wa kwanza na wa pili, na uamuzi ukatolewa mara tu baada ya wa pili, wa mwisho alinufaika. Kwenye mdahalo wenu mnafuatana na kura inapigwa hapo hapo, kwa hiyo nafasi haikupi mengi. Kinachokuhusu zaidi ni hiki: ukiwa wa pili, hoja nzito ya mpinzani bado inalia ukumbini. Ijibu kwanza, kisha weka yako. Ukianza na zako bila kuijibu, watu wanazisikiliza wakiwa na ya kwake kichwani.

Kijana wa Mdahalo: Na kama sina jibu la hoja yake nzito?

Mleta mada: Ikubali kwa kiasi chake, kisha onyesha haitoshi kuamua jambo zima. Usiiruke. Waliokusikiliza wataona pengo.

Gwiji255: Nitumie hotuba iliyokamilika basi, nina kikao kesho asubuhi.

Mleta mada: Sijui kikao chako, sijui hoja zako. Anza hatua ya 1 usiku huu.

Bi_Saada: Naongeza kidogo. Mimi huwa namsomea binti yangu wakati anaosha vyombo. Nikimaliza namuuliza amekumbuka nini. Akitaja ile ndogo, najua nimeipa maneno mengi.

Mleta mada: Bi Saada, hili ni zuri sana, na ningeliweka kama hatua ya 7. Wengine mjaribu. Msimwambie mapema kwamba mtamuuliza.

Kipusa_Mbeya: Nje ya mada kidogo. Hayo makande mlipima vipi kwa mtoto mmoja? Na sisi tunataka kuanza.

Mleta mada: Gramu 120 za mahindi na 40 za maharage kwa mlo. Kwa siku 20 ni kilo 2.4 za mahindi na gramu 800 za maharage kwa kila mtoto. Loweka maharage usiku kucha, kuni zinapungua sana. Na ukiwa unakwenda kuwaomba wazazi, nenda na debe la mahindi uliweke mezani waone. Sisi hatukufanya hivyo na tuliulizwa vipimo mara tatu.

Kipusa_Mbeya: Debe niliweke mezani tangu mwanzo, au nilitoe nikifika kwenye gharama?

Mleta mada: Ukifika kwenye gharama. Likikaa tangu mwanzo watalizoea.