Sera ya kuzuia unyanyasaji kazini: jinsi ya kuandika njia za kulalamika na kinga ya mlalamikaji

Sera nyingi zina sentensi moja inayofanana: "Mfanyakazi hataadhibiwa kwa kulalamika." Sentensi hiyo peke yake haimlindi mtu, kwa sababu kisasi kazini mara chache huja kama barua ya kufukuzwa. Huja kama zamu ya usiku wiki tatu mfululizo, ovataimu inayokatika ghafla, au mkataba unaoachwa uishe kimya kimya. Sera inapaswa kuandikwa kwa kuyalenga mambo hayo moja kwa moja.

Tuchukue mfano wa kampuni ya ghala kando ya Barabara ya Nyerere, yenye wafanyakazi 60. Karani wa kike ana mkataba wa mwaka mmoja unaoisha tarehe 30 Juni. Msimamizi wake ndiye anayepanga zamu, anayesaini ovataimu na anayependekeza nani apewe mkataba mpya. Tangu katikati ya Aprili anamtumia jumbe usiku, anamshika kiuno wakati wa kuhesabu mizigo, na amemwambia kwamba jina lake kwenye orodha ya mikataba "litategemea yeye mwenyewe".

Hatua ya 1: Taja nani analindwa

Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 kinahesabu unyanyasaji kuwa aina ya ubaguzi, iwapo unatokana na sababu zilizotajwa humo, kama vile jinsia, ujauzito, ulemavu, dini au kabila. Sera yako ianzie hapo, lakini isiishie hapo. Taja pia vibarua, walio kwenye majaribio, wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, na walinzi na wasafishaji walioletwa na wakala. Mtu mwenye chini ya miezi 6 kazini hawezi kutumia kinga ya sheria hiyo dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali, na ndiye anayeonewa kwa urahisi zaidi. Kwake, sera ya kampuni ina uzito mkubwa.

Andika vitendo kwa lugha ya kawaida: kumshika mtu bila ridhaa, maneno ya matusi au ya kingono, jumbe na picha zisizotakiwa, kumtolea mtu kauli za kumdhalilisha mbele ya wenzake. Kudai ngono ili mtu apate kazi, cheo au mkataba kupewe aya yake. Hiyo ni rushwa ya ngono chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, na mfanyakazi anaweza kupiga simu TAKUKURU, namba 113, bila kuomba ruhusa ya mtu yeyote ofisini.

Hatua ya 2: Weka njia tatu zisizokutana kwa mtu mmoja

Kosa la kawaida ni kuandika "mfanyakazi aripoti kwa msimamizi wake, kisha kwa meneja". Karani wetu angelazimika kuanza kwa mtu yuleyule anayemnyanyasa. Sanduku la maoni lililotundikwa mapokezi nalo halisaidii, maana kila anayepita anaona nani ametumbukiza karatasi.

Teua wapokeaji wawili wa ndani, mwanamke na mwanaume, wasiopanga zamu wala kusaini malipo ya mtu. Njia ya tatu iwe ya nje ya uongozi wa kila siku, kwa mfano mjumbe wa bodi au wakili wa kampuni, hasa kwa malalamiko dhidi ya mkurugenzi au mtu wa rasilimali watu. Bandika majina na namba zao mahali ambapo mtu anaweza kusoma akiwa peke yake, kama vile ndani ya mlango wa choo.

Malalamiko yapokelewe kwa mdomo, kwa simu au kwa ujumbe. Mpokeaji ndiye anayeandika, anamsomea mlalamikaji, kisha anampa nakala yenye tarehe. Ukidai barua rasmi kwanza, wengi wataishia mlangoni.

Futa pia ile desturi ya kuwaita wawili hao "wayamalize kindugu". Kumkalisha karani mbele ya mtu aliyeshika mkataba wake si usuluhishi.

Hatua ya 3: Gandisha maamuzi ndani ya saa 24

Hapa ndipo kinga inapoanza kufanya kazi, na ndipo sera nyingi ziko kimya. Kifungu kinaweza kusomeka hivi:

"Kuanzia siku malalamiko yanapopokelewa hadi miezi 6 baada ya uamuzi, mlalamikiwa hatapanga zamu, hatasaini malipo, hatatathmini kazi wala kupendekeza mkataba wa mlalamikaji au shahidi. Uamuzi wowote unaompunguzia mmoja wao kipato, saa za kazi au cheo utahitaji sababu za maandishi na saini ya mkurugenzi."

Kwa karani wetu, zamu na ovataimu zinahamia kwa meneja wa ghala siku hiyohiyo. Suala la mkataba wake linaamuliwa na mkurugenzi, kwa vigezo vilevile vinavyotumika kwa makarani wengine. Nakili orodha ya zamu na malipo yake ya miezi 3 iliyopita uiweke kwenye faili. Bila rekodi hiyo, hutaweza kuonyesha baadaye kama kuna kilichobadilika.

Wakitakiwa kutenganishwa, anayehama ni mlalamikiwa. Kumhamishia karani tawi la mbali "kwa usalama wake" ni kumwadhibu, hata kama nia ni njema. Tuhuma zikiwa nzito, mlalamikiwa anaweza kusimamishwa kwa mshahara kamili wakati uchunguzi ukiendelea.

Hatua ya 4: Panga siku zako zisile siku za sheria

Mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60. Uchunguzi wa ndani hausimamishi hesabu hiyo. Kampuni inayochunguza kwa miezi mitatu inaweza kumwacha mlalamikaji akianza kwa kuomba kuongezewa muda.

Kwa hiyo andika: siku 2 kuthibitisha kupokea, siku 14 za uchunguzi, na jibu la maandishi kufikia siku ya 21. Kwenye nakala anayopewa mlalamikaji, ongeza mstari unaomjulisha kuhusu CMA na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na kwamba kwenda huko hakufuti malalamiko yake ndani ya kampuni. Kwa tukio la shambulio au ubakaji usisubiri ratiba hii. Msindikize hospitali na polisi siku hiyohiyo, iwapo ameridhia.

Hatua ya 5: Tenganisha uchunguzi na kikao cha nidhamu

Aliyechunguza asiwe mwenyekiti wa kikao. Mlalamikiwa apewe taarifa ya tuhuma si chini ya saa 48 kabla, na aruhusiwe kuja na mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Ukiruka hatua hizi, mnyanyasaji anaweza kushinda CMA kwa kasoro za utaratibu.

Kuwa mwangalifu na kifungu cha malalamiko ya uongo. Adhabu iwe kwa aliyethibitika kusema uongo akijua ni uongo. Malalamiko yaliyokosa ushahidi wa kutosha si uongo, na sera iseme hivyo waziwazi. Bila mstari huo, kila asiye na shahidi atanyamaza, na unyanyasaji mwingi hufanyika pasipo shahidi.

Hatua ya 6: Fuatilia kwa rekodi

Mpokeaji aonane na mlalamikaji baada ya siku 30, 90 na 180. Asiulize tu "uko sawa?" Alinganishe zamu, ovataimu na likizo za sasa na ile nakala ya miezi 3, kisha afanye hivyohivyo kwa mashahidi. Ikiwa karani alikuwa akipata ovataimu ya saa 20 kwa mwezi na sasa anapata 4, ilhali wenzake hawajapunguziwa, hilo lifunguliwe kama lalamiko jipya la kisasi, na anayetakiwa kutoa maelezo ni aliyepanga zamu.