Somo: Wastani wa alama zenye uzito tofauti kwa SUMPRODUCT

Walimu wenzangu, tuchukue kozi yenye majaribio mawili, mradi na mtihani wa mwisho. Jaribio la kwanza lina uzito wa 10, la pili 15, mradi 15, na mtihani 60. Mwanafunzi amepata 80, 70, 90 na 52, zote kwa asilimia. Ukitumia AVERAGE ya Excel utapata 73, kwa sababu jaribio la dakika 20 limehesabiwa sawa na mtihani wa saa 3. Alama yake halisi ni 63.2. Tofauti hiyo inatosha kumpandisha daraja asilostahili, ndiyo maana naomba tulifanye jambo hili kwa uangalifu.

Hatua ya 1. Safu mlalo ya 1 iwe ya vichwa: jina kwenye A, kazi nne kuanzia B hadi E, na jumla kwenye F. Safu ya 2 ni ya uzito tu: 10, 15, 15, 60. Wanafunzi waanzie safu ya 3.

Hatua ya 2. Kwenye F2 andika:

```
=SUM(B2:E2)
```

Lazima isome 100. Msiiruke hatua hii, nitaeleza sababu hapa chini.

Hatua ya 3. Kwenye F3 andika:

```
=SUMPRODUCT($B$2:$E$2,B3:E3)/$F$2
```

SUMPRODUCT inazidisha kila alama kwa uzito wake, kisha inajumlisha: 800 + 1050 + 1350 + 3120 = 6320. Gawanya kwa 100, unapata 63.2.

Hatua ya 4. Buruta fomula hadi kwa mwanafunzi wa mwisho. Alama za dola ndizo zinazoushikilia uzito pale pale safu ya 2. Ukizisahau, mwanafunzi wa pili atapimwa kwa alama za wa kwanza badala ya uzito. Namba itatokea bila onyo lolote, kwa hiyo bofya seli ya mwisho kabisa uone kama bado inasoma safu ya 2.

Sasa kuhusu F2. Kwa kuwa tunagawanya kwa jumla ya uzito, jibu litaonekana la kawaida hata kama uzito umekosewa. Niliwahi kuandika 50 badala ya 60 kwenye mtihani, na darasa zima likapata alama zinazoaminika kabisa. Kilichonifichulia kosa ni ile jumla iliyosoma 90.

Maswali ya wanachama

Mwalimu wa Iringa: Mwanafunzi wangu alilazwa, hakufanya mradi, na ana ruhusa. Nimeacha seli wazi lakini anapata 49.7. Alama zake nyingine ni zile zile za mfano wako.

Jibu: Pole kwake. Seli tupu inahesabiwa kama sifuri, huku uzito wake wa 15 ukibaki kwenye kigawanyo. Kama kanuni za chuo chenu zinaruhusu mradi uondolewe, gawanya kwa uzito wa kazi alizofanya tu:

```
=SUMPRODUCT($B$2:$E$2,B4:E4)/SUMPRODUCT($B$2:$E$2,--ISNUMBER(B4:E4))
```

Hapo ni 4970 kwa 85, yaani 58.5 hivi. Ila asiye na ruhusa mwandikie 0, maana fomula hii ingemsamehe naye.

Mwanachama wa Mombasa: Mimi nasahihisha jaribio kwa 20 na mradi kwa 50. Nibadilishe zote kwanza?

Jibu: Si lazima, lakini usiingize 16 kati ya 20 kana kwamba ni asilimia 16. Ongeza safu mlalo chini ya uzito, uandike kila kazi ni kati ya ngapi. Wanafunzi wataanzia safu ya 4:

```
=SUMPRODUCT($B$2:$E$2,B4:E4/$B$3:$E$3)
```

Uzito ukifika 100, jibu linatoka moja kwa moja kwa asilimia. Ukiona #VALUE!, tafuta neno kama "hayupo" lililoandikwa mahali pa alama.

Mwanachama wa Iringa tena: Kumbe! Mbona kwenye fomula ya hatua ya 3 "hayupo" haileti kosa?

Jibu: Kwa sababu pale vikundi viwili vimetengwa kwa mkato, na SUMPRODUCT huchukua maneno kama sifuri kimyakimya. Hata namba zilizonakiliwa kutoka kwingine zikaingia kama maandishi hupotea hivyo hivyo. Mara nyingi utazitambua kwa kuegemea kushoto mwa seli.

Mwanachama wa Bujumbura: Kwangu fomula inakataliwa kabisa, kompyuta yangu iko kwa Kifaransa.

Jibu: Tumia nukta mkato badala ya mkato, na jina la Kifaransa:

```
=SOMMEPROD($B$2:$E$2;B3:E3)/$F$2
```