Kuloweka kuku wa nyama kwenye maji ya chumvi: kipimo, saa na mahali watu wanapokosea

Mama mmoja ninayemtembelea kikazi anafuga kuku wa nyama mia mia, na wale wasionunuliwa wazima huwachoma mwenyewe jioni, pembeni ya barabara. Siku moja alinisimamisha kabla sijashuka kwenye pikipiki. "Mtaalamu, wateja wanakula mapaja wananirudishia vidari. Wanasema vinakwama kooni." Nikamwambia aloweke kuku kwenye maji ya chumvi kabla ya kuchoma. Kosa langu ni kwamba sikumpa kipimo wala saa. Aliloweka Ijumaa jioni, akatoa Jumapili asubuhi. Nyama ilikuwa na chumvi ya kukunja uso, na kidari kimekuwa cha kuteleza na kuvutika kama mpira. Ilinibidi nirudi na mizani ya jikoni, tuanze upya.

Tuanze na sababu ya kidari kukauka. Kuku wa nyama anachinjwa akiwa na wiki tano au sita. Kidari chake ni kinene na karibu hakina mafuta. Ukikiweka motoni, nyuzi za nyama hujikunja na kujikamua, kama unavyokamua kitambaa. Maji yanayodondokea mkaa na kupiga "chsss" ndiyo yaliyokuwa yanailainisha nyama hiyo. Mapaja huvumilia zaidi kwa sababu yana mafuta na ngozi laini kati ya misuli, ambayo ikiiva huwa kama ute.

Chumvi inafanya nini hapo? Wengi husema nyama "inakunywa" maji tu. Kama ni hivyo, maji matupu yangetosha, nayo hayatoshi. Chumvi ikiingia kwenye nyuzi huyeyusha sehemu ya protini zake na kuzisukuma zitanuke na kuachana. Nafasi hizo hushika maji ya ziada, na moto ukija nyuzi hazijikunji kwa nguvu ileile. Kwa hiyo nyama inaingia motoni na maji mengi zaidi, halafu inayapoteza kidogo zaidi.

Tulilipima hili mbele ya yule mama. Tulichukua vidari vya kuku wa banda moja, mafungu mawili ya gramu 500. Fungu lililolowekwa lilifika gramu 535 kabla ya kuchomwa. Baada ya kuiva, lisilolowekwa lilibaki gramu 360, lililolowekwa 415. Wewe ukipima utapata namba tofauti kidogo, kutegemea moto wako, ila tofauti ya mafungu mawili utaiona hata kwa kubonyeza kwa kidole.

Sasa kipimo. Kwa kazi hii ninatumia gramu 50 za chumvi kwa kila lita ya maji. Njia rahisi ya kukumbuka ni pakiti moja ya nusu kilo kwa lita 10. Ukitaka kidogo, vijiko vitatu vikubwa vya chakula vya chumvi laini, vilivyosawazishwa juu kwa kisu, vinatosha lita moja. Chumvi ya mawe usiipime kwa kijiko, kwa kuwa chembe zake huacha nafasi na utapata pungufu; ipime kwa mizani. Kuna wanaotumia yai: wanaongeza chumvi mpaka yai bichi lielee. Maji ya namna hiyo yana chumvi karibu mara mbili ya tunayoitaka hapa. Kwa kuku wa kuchoma yai likielea, punguza.

Saa ndizo zinazowaponza watu, maana chumvi haisimami. Inaingia polepole kutoka nje kwenda ndani, na haiendi sawa na unene: kipande kinene mara mbili huhitaji karibu mara nne ya muda. Ndiyo maana huwezi kutia kidari kisicho na mfupa na kuku mzima kwenye ndoo moja na kuvitoa pamoja. Kwa maji ya kipimo nilichotaja, kidari kisicho na mfupa kinatosheka kwa saa moja, na zikizidi mbili unaanza kuharibu. Vipande vyenye mfupa, yaani mapaja na mabawa, saa mbili hadi nne. Kuku aliyepasuliwa mgongo na kubanjuliwa kwa ajili ya jiko la mkaa, saa tatu hadi tano. Kuku mzima wa kilo moja na robo hadi moja na nusu, saa nane, na mwisho kabisa kumi na mbili. Huyo ndiye wa kuloweka saa tatu usiku na kumtoa alfajiri.

Ukipitiliza, uharibifu ni wa aina mbili. Chumvi iliyozidi unaweza kuipunguza kwa kuloweka nyama kwenye maji baridi matupu kwa nusu saa, hata saa nzima. Lakini ule mpira haurudi. Protini zikishayeyuka kupita kiasi hushikana upya zikiiva, na nyama inakatika kwa vipande laini vinavyong'aa kama soseji badala ya kuchambuka kwa nyuzi. Kata kidari kilichoiva na uangalie: ukiona nyuzi zinaachana na maji yanatoka kidogo, muda ulikuwa sawa. Ukiona uso laini unaong'aa, ulizidisha.

Baridi nayo si jambo la hiari. Watu wa Pwani wanajua ng'onda na papa mkavu, kwa hiyo mtu anadhani nyama ikishakuwa kwenye chumvi haiozi. Ng'onda hutiwa chumvi nyingi mno kisha hukaushwa na jua. Maji yetu haya hayaui vijidudu vya kuharisha. Yakikaa kwenye joto la Dar es Salaam yanakuwa mahali pazuri pa kuvizalisha. Kuku akishachinjwa, kunyonyolewa na kutolewa matumbo, apozwe kwanza kwenye maji ya barafu mpaka kidari kiwe baridi hadi ndani, ndipo aingie kwenye maji ya chumvi ambayo nayo yawe baridi. Joto lisizidi nyuzi 4 au 5 muda wote.

Yule mama hana friji ya kutosha ndoo, ana friza ndogo tu, kwa hiyo tulipanga hivi kwa kuku wanne waliobanjuliwa. Pakiti ya nusu kilo inayeyushwa kwenye lita mbili za maji ya moto, yanaachwa yapoe. Kisha lita tano za maji baridi, halafu kilo tatu za barafu. Barafu ikiyeyuka ni maji, kilo moja ni lita moja, kwa hiyo lazima uihesabu; ukiisahau, chumvi itakuwa nyepesi na utasema dawa haifanyi kazi. Jumla ni lita 10. Kuku wanazama wote, na juu yao zinawekwa chupa mbili za maji zilizogandishwa, zimefungwa vizuri na kuoshwa nje. Chupa zinashikilia baridi bila kuongeza maji, na zinawakandamiza kuku wasielee. Ndoo ina mfuniko na imekaa kivulini ndani ya boksi la barafu. Anatia saa nne asubuhi, anatoa saa nane mchana, na katikati anabadilisha chupa. Kwa asiye na friji wala barafu, ushauri wangu ni mfupi: usiloweke. Paka chumvi dakika chache kabla ya kuchoma, basi.

Baada ya kutoa, usiwaoshe bombani kwa kumwagia maji. Unarusha vijidudu kwenye sinki na vyombo vyote. Waache wachuruzike, kisha wakaushe kwa taulo za karatasi hadi ngozi isiteleze. Ngozi yenye maji haipati rangi, inachemka kwanza. Ukiwa na nafasi kwenye friji, waweke wazi saa moja au mbili, rafu ya chini kabisa, ili wasidondokee chakula kingine.

Viungo vipakwe sasa, ila chumvi usiongeze. Hapa ndipo wengi huharibu kuku waliokuwa wamefaulu: mchanganyiko wa kuchomea wa pakiti una chumvi, vidonge vya mchuzi vina chumvi, sosi ya soya ina chumvi. Tumia kitunguu saumu, tangawizi, pilipili manga, mafuta kidogo. Ndimu kamulia mwishoni. Ukiilaza nyama kwenye ndimu kwa saa nyingi, ukali wake unaiivisha juu na kuifanya iwe ya unga, kazi ya chumvi ikapotea.

Na moto bado ni moto. Kulowekwa kunakupa nafasi ya kukosea kidogo, hakumlindi kuku aliyesahauliwa juu ya mkaa. Ukiweza, nunua kipimajoto cha nyama: choma sehemu nene ya kidari na ya paja bila kugusa mfupa, ikifika nyuzi 74 toa. Kuangalia rangi ya maji yanayotoka kunasaidia, lakini si uhakika kamili, na kuku mchanga anaweza kubaki na wekundu karibu na mfupa hata akiwa ameiva.

Naulizwa sana kuhusu kuku wa kienyeji. Ugumu wa jogoo wa mwaka mmoja au mtetea aliyechoka kutaga hautokani na ukosefu wa maji, unatokana na nyuzi ngumu za kiunganishi kati ya misuli, na hizo huyeyushwa na moto mdogo wa muda mrefu. Mlaze kwenye chumvi usiku kucha, ukimchoma bado utamtafuna mpaka taya ziume. Huyo chemsha kwanza, au mpike wa nazi. Vilevile kuku yeyote anayekwenda kwenye mchuzi hana haja ya kulowekwa. Na kuku wa kugandishwa wa dukani, soma maandishi ya pakiti: wengine wamekwisha kudungwa maji na chumvi kiwandani, ukiwaloweka tena unaongeza chumvi juu ya chumvi. Mwenye shinikizo la damu mtengee kipande ambacho hakikulowekwa.

Liko jambo la mizani pia. Kuku aliyelowekwa anaongezeka uzito, kama zile gramu 35 za fungu letu la vidari. Ukiuza kuku mbichi kwa kilo, mpime kabla hajaingia kwenye ndoo, au mwambie mteja wazi. Yule mama anauza kwa kipande kilichoiva, kwa hiyo halimhusu. Lake ni maji yaliyobaki: mara ya kwanza alitaka kuyatumia kwa kuku wa kesho, kwa kuwa "chumvi bado imo". Imo, pamoja na damu na vijidudu vya kuku wanne. Sasa anayamwaga shimoni, mbali na migomba, na ndoo inasuguliwa kwa sabuni na maji ya moto kabla jiko halijawashwa.