Anza na maoni ya juzi, nyota baadaye

Kazi yangu ni kupangia watu safari. Wiki iliyopita nilitafutia hoteli familia yenye mtoto mchanga, nikapata moja yenye maoni 630 na wastani wa 4.4. Inavutia, lakini wastani huchelewa kusema ukweli. Wageni 600 wa kwanza wakiwa wametoa 4.5, kisha 30 wa karibuni wakatoa 3 tu, hesabu inashuka hadi 4.43 basi. Hoteli imeharibika na nyota hazijashtuka.

Hatua ya 1: panga upya. Google Maps hutanguliza `Most relevant`. Bonyeza `Sort`, chagua `Newest`, usome ya miezi mitatu hadi sita. Angalia pia mtu alikaa lini, maana wapo wanaoandika leo habari za safari ya mwaka jana.

Hatua ya 2: hesabu linalojirudia. Chukua karatasi, kila lalamiko lipe mstari wake, uweke alama kila linapotajwa. Katika maoni 30 ya karibuni ya hoteli ile, kelele za usiku zilitajwa na watu 9, maji ya moto kukatika asubuhi 3, mhudumu mwenye ulimi mkali 1. Huyo mmoja nilimweka kando, kila mtu ana siku yake mbaya. Kunguni ndio siwezi kuwapuuza: hata akiwataja mgeni mmoja wa mwezi huu, nauliza kwanza.

Kisha nikarudi kwa wale 9. Sita walieleza jambo lilelile kwa maneno tofauti: muziki wa baa iliyo chini, mpaka saa nane usiku, vyumba vya upande wa mbele. Watu wasiojuana wakikutana kwenye jambo mahususi namna hiyo, naamini. Sifa nazo nazipima hivyohivyo. Nyota tano kumi za wiki moja, zote "pazuri sana" bila kutaja chumba wala chakula, kutoka kwa akaunti zenye maoni moja moja, sizihesabu. Booking.com huomba maoni kwa walioweka nafasi kupitia kwake. Google haidai risiti, kwa hiyo huko nakuwa mkali zaidi.

Hatua ya 3: tafuta anayefanana na wewe. Tripadvisor ina kichujio cha aina ya msafiri, nilichagua familia. Vijana walikuwa wameisifu baa ileile kwa uchangamfu wake, na hawakudanganya. Wazazi wanne kati ya watano walisema watoto hawakulala. Kwa mgahawa fanya vivyo hivyo: aliyekula peke yake mchana hawezi kukwambia meza ya watu wanane inasubiri chakula muda gani usiku.

Niliiandikia hoteli kuomba chumba cha nyuma, ghorofa ya juu. Wakajibu kwamba chumba hupangwa mgeni akishafika. Familia ile niliipeleka kwingine.